Mswaki wa mti, damu ya fizi na mahali ambapo kijiti hakifiki

"Daktari, nina miaka 36, naishi Tanga. Tangu utotoni natumia mswaki wa mti, karibu kila kabla ya sala, na meno yangu ya mbele ni meupe. Lakini miezi ya karibuni naona damu kwenye meno ya chini, upande wa ndani, na wakati mwingine kwenye magego. Jino la chonge la juu kushoto limeanza kuonekana refu kuliko la kulia, na linaniuma nikinywa maji baridi. Mke wangu anataka niache kijiti ninunue mswaki wa dukani. Babu yangu alitumia kijiti hicho hicho na alifariki akiwa na meno yake yote. Nani ana haki? Na je, nisipaguse hapo panapotoka damu mpaka papone?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ukilikosea hilo mengine yote hayatakusaidia. Mahali panapotoka damu usipaache. Pasafishe kwa upole, lakini pasafishe kila siku. Wengi huamini kwamba damu ile ni jeraha ambalo mswaki umelifanya, na kwamba ufizi ukipumzishwa utapona wenyewe. Kwa kawaida mambo ni kinyume chake: ufizi wenye afya hautoi damu kwa kuguswa na nyuzi laini, bali hutoa damu kwa sababu tayari umevimba, na umevimba kwa sababu ukoga umekaa pembeni mwake kwa siku kadhaa bila kuondolewa. Mswaki umefichua uvimbe uliokuwapo, na ukiacha kusafisha hapo utakuwa unaupa ukoga nafasi ya kuongezeka.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1965 huko Denmark, katika jaribio ambalo hadi leo kila mwanafunzi wa udaktari wa meno hulisoma. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba na zenye kutoa damu. Waliporudia kusafisha, uvimbe uliondoka katika muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo uvimbe wa fizi wa hatua ya mwanzo hurudi nyuma, na unaoweza kuurudisha ni wewe mwenyewe kwa kuondoa ukoga, kwa chombo chochote kinachofika pale ukoga ulipo. Nakuomba ukishike kipande hicho cha mwisho cha sentensi, kwa sababu ndicho kinachoamua ugomvi wenu wa nyumbani.

Sasa tuangalie sehemu ulizozitaja, maana zinaeleza mengi. Meno ya mbele, upande wa nje, ni meupe na hayana shida. Damu inatoka upande wa ndani wa meno ya chini na kwenye magego. Chonge la kushoto linaonekana refu, na kama wewe hutumia mkono wa kulia, kama nadhani, basi hilo ndilo jino ambalo mkono huo hulikandamiza kuliko mengine. Hayo yote matatu yanatokana na jinsi kijiti kilivyoumbwa. Nyuzi za mswaki wa mti hutazama mbele, kama brashi ya kupakia rangi, wakati nywele za mswaki wa dukani zimepandwa kwa pembe mraba na mpini, zikitazama ubavuni. Ukisimama mbele ya kioo na kijiti mkononi, uso wa nje wa meno ya mbele uko wazi kabisa mbele ya nyuzi zako. Ili ufike upande wa ndani wa meno ya chini, inabidi kijiti kisimame wima, mkono uinuke, na ulimi usukumwe nyuma. Ili ufike upande wa ndani wa gego la mwisho, mpini wenyewe unazuiwa na midomo na mashavu. Matokeo yake ni kwamba mtu anayesafisha kwa mazoea, huku akizungumza au akitembea kwenda msikitini, anasugua sehemu zile zile za mbele mara tano kwa siku, na sehemu nyingine anazipitia juu juu au hazifikii kabisa.

Upande wa ndani wa meno ya chini una balaa lake la ziada. Chini ya ulimi, nyuma tu ya meno hayo, ndipo yalipo matundu yanayomwaga mate kutoka kwenye tezi kubwa za chini ya taya, na mate hayo yana madini mengi. Ukoga ukikaa hapo siku chache, madini huingia ndani yake na kuugeuza ugaga, ile gamba ngumu ya njano au kahawia ambayo ulimi huisikia kama ukuta mdogo nyuma ya meno. Ukoga laini unaondoka kwa kijiti au kwa mswaki wa dukani. Ugaga hauondoki kwa chochote ulicho nacho nyumbani, na wenyewe una uso mkwaruzo ambao ukoga mpya hupenda kuushika. Pitisha ncha ya ulimi hapo sasa hivi. Kama unasikia ukuta badala ya mfereji mdogo kati ya jino na jino, sehemu ya jibu lako iko kwenye kiti cha daktari wa meno, hata ukibadilisha mswaki leo.

Kuhusu utafiti, nitakuambia ulivyo, pamoja na udhaifu wake. Tafiti nyingi zimeufanyia kazi mti ambao wanasayansi huuita Salvadora persica, ule ule unaouzwa kwetu kwa jina la mswaki, hivyo ninayosema hapa yasihamishwe moja kwa moja kwenda kwenye kijiti cha mwarobaini au cha mti mwingine. Mwaka 2003 kulichapishwa jaribio la Saudia ambamo wanaume 15 wenye afya walitumia kijiti kwa wiki tatu na mswaki wa dukani kwa wiki tatu, kila mtu akijilinganisha na nafsi yake. Kwenye kipindi cha kijiti, ukoga na uvimbe wa fizi vilipungua zaidi kuliko kwenye kipindi cha mswaki wa dukani. Watetezi wa kijiti hulitaja jaribio hili mara kwa mara, na wana haki ya kulitaja, lakini husahau maneno mawili: washiriki walifundishwa kwanza na wataalamu namna ya kukitumia, na walijua wanachunguzwa. Kwa upande wetu, utafiti wa watoto wa shule hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1992, nao ulionyesha kwamba kijiti kinaweza kusafisha sawa na mswaki wa dukani.

Upande wa pili kuna uchunguzi mdogo wa Afrika Magharibi wa mwaka 1989, uliowakuta watumiaji wa vijiti wakiwa na ukoga na damu zaidi kuliko watumiaji wa miswaki ya dukani. Halafu uchunguzi wa Sudan wa mwaka 2000 ukasema tofauti, kwamba wanaume waliozoea kijiti walikuwa na ugaga mchache na mifuko michache ya fizi, yaani nafasi ambapo ufizi umeachana na jino, kwenye meno ya nyuma. Ukiyasoma yote haya kwa pamoja unaweza kudhani wanasayansi wamechanganyikiwa. Kwa maoni yangu hawajachanganyikiwa. Tafiti zinazochukua watu kama zilivyowakuta zinapima vitu vingi kwa wakati mmoja, kwani mtu wa kijiti na mtu wa mswaki wa dukani hutofautiana pia kwa umri, kipato, sukari wanayokula, tumbaku wanayovuta na mara wanazosafisha kwa siku. Tafiti zinazowapa watu mafunzo kwanza zinapima kile ambacho chombo kinaweza kufanya kikiwa kwenye mkono uliofundishwa. Ndiyo maana mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya kijiti mahali ambapo ni desturi, na mwaka 2000 ripoti ya makubaliano ya kimataifa kuhusu usafi wa kinywa ikasema utafiti zaidi unahitajika. Kwa ushahidi huo, mkeo hawezi kusema kwamba kijiti ni chombo duni, na wewe huwezi kusema kwamba kukitumia peke yake kunatosha kukulinda.

Kuna jambo moja ambalo tafiti zimeliona na linakuhusu moja kwa moja. Wachunguzi wa Saudia waliochapisha matokeo yao mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwakuta watumiaji wa kijiti wakiwa na sehemu nyingi zaidi ambapo ufizi umerudi nyuma na kuacha mzizi wazi, na kurudi huko kulikuwa kukubwa zaidi kuliko kwa watumiaji wa mswaki wa dukani. Jino lako la chonge halijarefuka. Ufizi umerudi nyuma kutoka pale ulipokuwa, na unachokiona ni mzizi. Mzizi hauna enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ya kuufunika, ndiyo maana maji ya baridi yanakuchoma. Chonge limejitokeza mbele kwenye kona ya safu, mfupa juu yake ni mwembamba, na mkono unaosugua kwa kwenda na kurudi kama msumeno huishia hapo kwa nguvu zake zote. Niseme pia kwamba mswaki wa dukani wenye nywele ngumu hufanya kosa hilo hilo, kwa hiyo ukinunua ule mgumu kwa imani kwamba unasafisha zaidi, utakuwa umebadilisha chombo na kubaki na tatizo.

Watu huniuliza sana kuhusu dawa iliyomo ndani ya kijiti. Ipo, na si hekaya. Ule ukali unaoupata puani na kwenye ulimi unapotafuna kijiti kibichi, unaofanana na ukali wa haradali, unatokana na kemikali iitwayo benzili isothiosianati, ambayo watafiti waliochunguza mizizi ya mti huu waliiona ikiua bakteria kadhaa wanaohusishwa na ugonjwa wa fizi. Lakini waliyaona hayo kwenye maabara, na bakteria walio kwenye ukoga wa kinywani wamejifungia ndani ya utando ambao dawa huupenya kwa shida mpaka uvurugwe kwanza kwa kusuguliwa. Tena kemikali hiyo huruka hewani. Kijiti kilichokaa miezi kwenye pakiti mpaka kikawa hakina ukali wowote ukikitafuna, kimebaki kuwa nyuzi tu. Nyuzi hizo bado zinafanya kazi, ila usitegemee dawa.

Kitu ambacho kijiti hakina kwa kiasi cha kufaa ni floraidi. Huenda umesikia kwamba mti huu una floraidi nyingi kiasili. Vipimo vya kile kinachotoka kwenye kijiti kikilowekwa vimeonyesha kiasi kidogo mno kisichoweza kulinda jino. Kwa fizi hilo halina uzito mkubwa, kwa sababu fizi zinahitaji ukoga uondoke tu. Kwa meno yenyewe, na hasa kwa mzizi wako wa chonge ambao sasa uko wazi na huoza upesi kuliko enameli, lina uzito. Hapa ndipo ninapomuunga mkono mkeo, ingawa kwa sababu ambayo pengine hakuitaja: dawa ya meno yenye floraidi unaihitaji, iwe unaipaka kwa chombo gani.

Na babu? Simbishii hata kidogo. Wachunguzi waliochapisha mwaka 1986 vipimo vya watu wazima wa Tanzania waliwakuta wengi wana ukoga, ugaga na damu kwenye fizi, na bado sehemu zenye mifuko mirefu, yaani ambapo ufizi umeachana na jino kwa kina, zilikuwa chache. Maana yake ni kwamba watu wengi huishi na fizi zenye damu bila kung'oka meno, na wachache tu ndio ambao uvimbe huteremka ukala mfupa mpaka jino likalegea. Babu yako anaweza kuwa alikuwa miongoni mwa wengi hao. Pia kama alikulia mahali ambapo soda na biskuti hazikuwa za kila siku, meno yake hayakupata mtihani unaoyapata yako. Tatizo ni kwamba kwa kutazama tu kwenye kioo huwezi kujua wewe uko kundi gani, na mwili wa babu si hati ya dhamana kwa mjukuu.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio dogo leo usiku ili uone kwa macho yako. Safisha meno kwa kijiti kama unavyosafisha siku zote, bila kujitahidi zaidi. Kisha weka matone machache ya rangi ya chakula, nyekundu au bluu, kwenye maji kidogo, ichovye pamba, upake meno yote pande zote, halafu sukutua mara moja kwa maji safi. Jino safi halishiki rangi; ukoga huishika. Washa tochi ya simu, tumia kioo kidogo kwa upande wa ndani, na uangalie mstari ule ambapo jino linakutana na ufizi. Nategemea utaona meno ya mbele kwa nje yakiwa safi, na ukanda wenye rangi nyuma ya meno ya chini na kati ya magego. Usivae kanzu nyeupe wakati wa zoezi hili, na usishangae ulimi ukibaki na rangi hadi asubuhi.

Ushauri wangu ni kwamba mchana ubaki na kijiti chako na usiku utumie mswaki wa dukani. Kijiti kiwe na unene wa penseli, kibichi, na kama kimekauka kiloweke kwenye maji safi mpaka kilainike. Menya ganda la kiasi cha sentimita moja tu, tafuna ncha mpaka nyuzi zichambuke na kuwa laini, na kila siku kata ncha ya jana utengeneze mpya, kwa kuwa nyuzi zilizovunjika na kukauka ndizo zinazochoma ufizi. Kishike kwa vidole kama unavyoshika kalamu, si kwa ngumi, kwa maana mkono wa ngumi hauna kipimo cha nguvu. Anzia kwenye ufizi ukielekea ncha ya jino: meno ya juu vuta chini, meno ya chini vuta juu, na uache kabisa kusugua kwa kwenda na kurudi ubavuni. La muhimu kuliko yote, badili mpangilio. Anza na upande wa ndani wa meno ya chini wakati bado una subira, kisha magego kwa ndani, na meno ya mbele kwa nje yawe ya mwisho, kwani hayo yameshapata haki yake miaka yote.

Usiku, kabla ya kulala, tumia mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi kati ya 1,000 na 1,500, kipimo ambacho huandikwa ppm pembeni mwa boksi. Laza nywele nusu kwenye jino na nusu kwenye ukingo wa ufizi, zikiwa zimeinama kuelekea ufizi, utikise kwa hatua fupi kwa dakika mbili. Ukimaliza tema, na usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya mzizi wa lile chonge. Kati ya jino na jino hakuna kinachofika, si kijiti wala mswaki wa dukani. Huko tumia uzi wa meno, au brashi ndogo za katikati ya meno pale ambapo pana nafasi. Kama hali haikuruhusu kununua mswaki wa pili, basi weka dawa ya meno kwenye ncha ya kijiti usiku, nayo itakufaa kwa floraidi, ingawa magego ya ndani yatakutaka uvumilivu mkubwa.

Siku chache za kwanza damu inaweza kuendelea, au hata kuongezeka kidogo kwa kuwa sasa unaigusa sehemu ambayo hukuwa unaigusa. Usiogope. Ikipungua ndani ya wiki mbili, chanzo kilikuwa ukoga, na umekishinda. Isipopungua, au kama ulimi umekuambia kwamba ugaga upo, nenda kwenye kitengo cha kinywa na meno cha hospitali iliyo karibu nawe, usafishwe ugaga. Wapo watakaokuambia kwamba kusafisha huko hulegeza meno. Kinachotokea ni kwamba ugaga ukiondolewa, nafasi uliyokuwa umeiziba huonekana, na kama mfupa ulikuwa umeshaliwa, jino lililokuwa limeshikiliwa na lile gamba hujionyesha lilivyo. Ukifika huko, omba pia upimwe kina cha fizi kwa kipimio kuzunguka kila jino. Milimita 3 au pungufu kwa kawaida haina wasiwasi. Kuanzia 4 pamoja na damu, waulize ni meno yapi na mpango wao ni upi. Lile chonge walione kwa karibu, kwani ufizi uliorudi nyuma haujirudishi wenyewe, ila unaweza kuzuiwa usiendelee kurudi nyuma, na maumivu ya baridi yana dawa.

Usingoje hizo wiki mbili iwapo jino lolote linacheza, usaha unatoka ukibonyeza ufizi, uso umevimba, damu inatoka yenyewe bila kuguswa au unaona michubuko isiyo na sababu mwilini, au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Na kama siku hizi una kiu isiyoisha, unakojoa mara nyingi usiku au umepungua uzito bila kukusudia, pima sukari ya damu wiki hii hii, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na hapo hakuna mswaki utakaotosha mpaka sukari ishuke.